Tatizo la fundi picha wa Arusha siyo bando

Tangu intaneti ilipozimwa nchi nzima kuanzia tarehe 29 Oktoba 2025, mafundi picha ninaofahamiana nao hapa Arusha wana wimbo mmoja: tafuta kompyuta yenye kadi kubwa ya picha, weka programu za AI ndani, achana na mtandao. Wauzaji wa kompyuta za mtumba wameshausikia wimbo huo, na mashine iliyokuwa ikiuzwa juzijuzi kama ya gemu sasa inauzwa kama ya AI. Ukiuliza sababu, jibu la kwanza ni bando. Bando ni ghali, bando linaisha, kwa hiyo kazi irudi nyumbani.

Nadhani uamuzi wao una nusu ya ukweli, ila wameufikia kwa sababu isiyo ya kweli, na sababu hiyo itawatoa pesa. Kazi nyingi za picha zinazolipa kodi ya pango mjini hapa zinaweza kufanyika bila mtandao kwenye kompyuta ya kawaida ya ofisini. Zile zinazodai mashine kubwa ndizo hasa ambazo wengi wetu tungefanya vizuri kuziacha mtandaoni. Na kitu cha kwanza cha kutazama unapoamua kazi ipi iende wapi ni mara ngapi utairudia kabla mteja hajaridhika. Bei ya MB inakuja nyuma sana.

Tuanze na ukubwa wa vitu, maana neno AI limefunika tofauti kubwa. Stable Diffusion ilipoachiwa hadharani Agosti 2022, watu walianza kuamini kwamba modeli ya kuchora picha kutokana na maneno inaweza kukaa kwenye kompyuta ya sebuleni. Faili lake lilikuwa na GB 4 hivi. Mwaka uliofuata ikaja SDXL yenye karibu GB 7, na Agosti 2024 ikaja Flux, ambayo ikiwa kamili inakaribia GB 24. Hizo ni modeli za kubuni picha ambayo haikuwapo. Lakini kazi ya kila siku ya studio ya Ngarenaro au Kaloleni siyo kubuni. Ni kukuza picha ndogo, kuondoa mandhari ya nyuma, kusafisha picha iliyochujuka. Modeli ya Real-ESRGAN, inayokuza picha mara nne, ni kama MB 64. Ile ya U2-Net, inayotenganisha mtu na ukuta ulio nyuma yake, ni MB 176. Anayesema "nataka mashine ya AI" bila kutenganisha makundi haya mawili ananunua Fuso la kubebea mkungu mmoja wa ndizi.

Sasa hiyo hoja ya bando, ambayo ndiyo dhaifu kuliko zote. Ninaponunua bando la wiki napata GB moja kwa takriban shilingi 2,000, yaani shilingi 2 kwa MB. Chukua picha moja inayopelekwa kukuzwa mtandaoni: inapanda ikiwa na KB 300, inarudi ikiwa na MB 6, na ukurasa wenyewe unakula MB kadhaa. Tuseme MB 10 kwa jumla. Hiyo ni shilingi 20, wakati mteja analipa maelfu. Upande wa pili, anayetaka kuweka SDXL nyumbani atashusha modeli ya karibu GB 7, PyTorch, programu ya kuiendeshea modeli, ya GB 2 na zaidi, na vikorokoro vingine hadi ifike kama GB 12. Hiyo ni shilingi 24,000, sawa na picha 1,200 za mtandaoni. Kompyuta ya nyumbani haikutoi kwenye gharama ya intaneti. Inakudai yote kwa mkupuo siku ya kwanza, na umeme ukikatika ukiwa umeshusha GB 5, unaweza kudaiwa tena.

Wapo wanaojibu kwamba hesabu hiyo ni ya picha moja, na kwamba kwenye kazi ya jumla mambo yanabadilika. Mfano wanaoutoa ni picha za vitambulisho vya shule: wanafunzi 300, kila picha MB 6 kutoka kwenye kamera, mandhari yote yageuzwe bluu. Hizo ni GB 1.8 za kupandisha. Hapa kuna jambo wengi hawalioni: wakipima kasi ya mtandao wanatazama namba ya kushusha, kumbe kazi hii inategemea namba ya kupandisha, ambayo mara nyingi ni ndogo zaidi. Kwa Mbps 2 za kupandisha, GB 1.8 zinachukua saa mbili kamili, mradi mtandao usitetereke. Hoja inaonekana nzito. Lakini picha ya pasipoti ya milimita 35 kwa 45, ikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi, inahitaji pikseli 413 kwa 531 tu. Ukizipunguza picha kabla ya kuzituma hadi pikseli 800 upande mrefu, kila moja inabaki na kama KB 150, na zote 300 zinapanda kwa dakika tatu. Aliyepandisha GB 1.8 hakuibiwa na kampuni ya simu, alisafirisha pikseli ambazo printa ingezitupa.

Ikiwa hoja ya bando imeanguka, kwa nini bado nasema kazi hizi zifanyike nyumbani? Sababu yangu kubwa niliipata kwenye studio ya rafiki yangu, Jumatano moja jioni, alipokuja mama mmoja na picha ya mumewe aliyefariki. Walikuwa watu wa Ngarenanyuki, mazishi Ijumaa. Picha pekee nzuri ya marehemu ilikuwa ya harusi ya mtoto wake, amesimama na watu wengine wanane, na ilikuwa imetumwa kwa WhatsApp, ambayo huibana picha njiani. Ukimkata mzee peke yake, kichwa na mabega, unabaki na pikseli 400 kwa 560. Familia ilitaka A3 ya kuwekwa mbele ya jeneza.

Ukikuza mara nne unapata pikseli 1600 kwa 2240. Ukizitandaza kwenye upana wa A3, ambao ni inchi 11.7, unapata nukta 137 kwa inchi. Kwa kitabu cha picha hiyo ni hafifu, kwa fremu inayotazamwa kutoka hatua tatu inatosha kabisa. Rafiki yangu alikuwa amelipia huduma ya mtandaoni ya kurudisha sura, akaitumia. Picha ikarudi inang'aa, kila unyusi mahali pake. Mama akaitazama kwenye kioo, akakaa kimya, kisha akasema, "Mwanangu, huyu si yeye." Tukamuuliza kivipi. "Meno. Baba yenu hakuwa na meno meupe."

Wanaotoka Arumeru wanajua. Maji ya upande ule wa Mlima Meru yana madini mengi ya floraidi, na mtu aliyeyanywa tangu utotoni huwa na meno ya kahawia maisha yake yote. Programu haikuwa na habari hiyo. Modeli za kurudisha sura hazisafishi uso uliopo, zinauchora upya kwa kufuata nyuso zilizofunzwa nazo. GFPGAN, mojawapo ya zinazotumika sana, ilifunzwa kwa mkusanyiko wa FFHQ wenye nyuso 70,000 zilizotolewa kwenye mtandao wa Flickr, na sioni wazee wa Ngarenanyuki wakiwa wengi humo. Mdomo ulipokuwa na pikseli chache, modeli ikajaza meno ya kawaida ya watu inaowajua. Mwanya nao huzibwa namna hiyohiyo, kovu hufutwa, na mistari ya uzee hupigwa pasi.

Kosa hili halitokani na kuwa mtandaoni. GFPGAN ikiwa kwenye kompyuta yako itafanya vilevile. Tofauti ni kinachofuata. Mtandaoni, kila jaribio jipya lilikula krediti, na huduma ile haikuwa na sehemu ya kuiambia "sura usiiguse, kuza tu". Ikabidi tuhamie kwenye kompyuta ya pembeni, ile anayotumia kuchapia barua za watu, yenye Core i5 ya kizazi cha sita, bila kadi yoyote ya ziada. Tulikuwa na Real-ESRGAN ya aina inayotumia Vulkan, njia ya kuitumia hata kadi ya picha iliyo ndani ya prosesa, kwa hiyo haihitaji Python wala kadi ya Nvidia. Amri yenyewe ni mstari mmoja:

```
realesrgan-ncnn-vulkan.exe -i mzee.jpg -o mzee_kubwa.png -n realesrgan-x4plus -t 64
```

Ile `-t 64` inaiambia programu iikate picha vipande vidogo na kuvishughulikia kimoja kimoja, ili kumbukumbu ya mashine dhaifu isizidiwe. Ilichukua dakika zisizozidi tatu. Picha iliyotoka haikuwa na mng'aro wa ile ya kwanza, na ngozi ilikuwa na ulaini kama wa mafuta, ambao ndio ugonjwa wa Real-ESRGAN. Lakini alikuwa yeye. Kisha ndani ya GIMP tukaziweka zote mbili, ya mtandaoni juu na yetu chini, tukaipunguza ya juu hadi asilimia 30 ili macho yapate uhai kidogo, na kwa maski tukaifuta kabisa sehemu ya mdomo. Tulirudia mara saba au nane, mama amekaa kwenye kiti cha plastiki anaelekeza: shavu hapana, hapo kwenye jicho sawa, rudisha hiyo alama. Majaribio manane bila gharama na bila kungoja duara linalozunguka.

Hiyo ndiyo hoja ninayoisimamia. Kukuza sura ya mtu anayefahamika ni kazi ya kurudiarudia mbele ya mteja, na jibu sahihi liko kichwani mwa mteja, siyo kwenye modeli. Kazi ya namna hiyo inataka iwe mkononi mwako. Na ikitokea nyaya za baharini zimekatika, kama EASSy na Seacom zilivyokatika pamoja tarehe 12 Mei 2024 na nchi nzima ikatambaa, Ijumaa ya mazishi haisogei.

Niwe mkweli pia kwamba mashine ya kawaida ina mipaka yake, na ujue dalili zake kabla ya kununua. Kompyuta nyingi za mtumba zinazouzwa kwa bei ya kuvutia ni za kizazi cha nne cha Intel. Kwenye Windows, kadi ya ndani ya kizazi hicho haina Vulkan, na programu itakujibu `invalid gpu device`. Kuanzia kizazi cha sita mambo yanakwenda. Ukiona `vkAllocateMemory failed`, au picha imetoka nyeusi tupu, kumbukumbu imejaa: shusha `-t` hadi 32. Na kama uso kwenye picha ya awali una upana wa pikseli 40 tu, hakuna mashine ya kuuokoa, ya nyumbani wala ya Marekani. Utapata uso mzuri wa mtu mwingine. Afadhali kuiambia familia mapema itafute picha nyingine, na aliye nayo aitume kwa WhatsApp kama hati, siyo kama picha, ili isibanwe.

Upande wa mtandaoni una hoja nzuri pia, na siyo ile ya urahisi inayosemwa kila siku. Hoja yake nzuri ni kwamba kazi kubwa zinakuja kwa nadra. Studio ndogo hupata mara ngapi kazi ya kubuni bango la kampuni ya utalii kutoka sifuri, au kuchora upya nusu ya picha iliyoliwa na mchwa? Mara mbili kwa mwezi ukibahatika, na masika hata hiyo moja inaweza isije. SDXL inaanza kupumua vizuri ikipata kadi ya GB 8. Kwenye GB 4 inaweza kuburutwa kwa kuigawa vipande, lakini unangoja dakika kwa kila picha, na picha ya kwanza siyo unayoitaka. Isitoshe, kadi zinazopatikana kwa bei nafuu ni za familia ya GTX 16, kama 1650 na 1660, ambazo zina ugonjwa unaojulikana wa kutoa picha nyeusi katika Stable Diffusion mpaka uiendeshe kwa `--no-half`, na ukifanya hivyo kumbukumbu inayotumika inaongezeka, kwenye kadi ambayo tayari haitoshi. Kwa kazi mbili za mwezi, kununua krediti chache za mtandaoni ni akili zaidi kuliko kufungia pesa ndani ya kadi. Ninachokataa ni malipo ya kila mwezi kwa dola, yanayokatwa hata mwezi ambao hukufungua programu.

Umeme nao huletwa mezani, kwa kawaida kinyumenyume. Watu wanaogopa kwamba kompyuta yenye kadi itamaliza LUKU. Kwa shilingi 10,000 mtumiaji wa kawaida wa biashara anapata uniti 28 hivi. Mashine inayovuta wati 250 kwa saa nzima imekula robo ya uniti, kama shilingi 90. Siyo kitu. Kinachouma ni umeme kukatika, na hapo ndipo anayefanya kazi nyumbani anapogundua kwamba amebadilisha tegemeo moja kwa jingine: mtandao ukikatika, laptopu na data ya simu ya kampuni nyingine vinaweza kukuvusha, lakini mashine ya mezani umeme ukikatika imekufa. Ndiyo maana kwa kazi za zile modeli ndogo ninapendekeza laptopu ya kizazi cha sita au cha nane kuliko mashine ya mezani yenye kadi. Betri yake ni UPS ambayo umeshailipia.

Nirudi kwenye zile picha 300 za wanafunzi, maana nilisema bando siyo sababu ya kuzifanya nyumbani. Sababu ni kwamba ni nyuso za watoto wa watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inagusa pia usafirishaji wa taarifa kwenda nje ya nchi, na sidhani mwalimu mkuu aliyekukabidhi kazi anafahamu kwamba sura za darasa zima zimepitia kwenye seva isiyojulikana iliko. Kwa kazi hiyo inatosha rembg, programu inayotumia ile U2-Net. Bluu utaijaza baadaye, lakini mandhari inayaondoa kwa mstari mmoja, ikisoma folda nzima na kuandika kwenye nyingine:

```
rembg p wanafunzi matokeo
```

Lakini hapa ndipo neno "nje ya mtandao" linapowaumbua watu, na mimi liliniumbua. Niliiweka rembg nikiwa mjini, nikaona imekubali, nikaenda na laptopu kwenye shule ambayo simu inashika ukipanda juu ya jiwe. Nilipotoa amri, programu ikaanza kushusha `u2net.onnx`. Haikuwa na modeli. Programu nyingi za namna hii zikiwekwa zinakuja tupu, na modeli hushushwa siku ya kwanza ya matumizi. Ile ya rembg hukaa kwenye folda ya `.u2net` ndani ya folda ya mtumiaji, na ingetosha kuinakili kwa flashi, kama ningejua. Tangu siku hiyo sikubali kwamba programu inafanya kazi bila mtandao mpaka nizime Wi-Fi, niiwashe kompyuta upya, na nitoe picha moja kamili, kwa kila kitufe ninachokusudia kukitumia, kwa sababu kitufe cha sura kinaweza kuwa na modeli yake ambayo haijashushwa.

Na kwa sababu gharama yote ya mtandao iko kwenye siku hiyo ya kwanza, sioni kwa nini kila studio iilipe peke yake. Mtu mmoja ashushe usiku, kwa `curl -L -C - -O` ili ikikatika iendelee pale ilipoishia, alinganishe alama ya faili kwa `certutil -hashfile jina_la_faili SHA256` na ile iliyoandikwa kwenye ukurasa wa modeli, kisha wengine wanakili. Real-ESRGAN, rembg na modeli zake zinaingia kwenye flashi ndogo na nafasi inabaki. Anayeng'ang'ania SDXL pia aje, ila aifomati flashi yake kwa exFAT kwanza. FAT32 haipokei faili la kufikia GB 4, na atakaa saa nzima akilaumu kompyuta yangu.